Kujibu swali la malaria kwenye mtihani wa tiba ya kitropiki: kutoka slaidi hadi dozi

Wanaojiandaa na mtihani wa tiba ya kitropiki huuliza mambo matatu yale yale: spishi nitazitofautishaje, nitajuaje kama mgonjwa ana malaria kali, na nimpe dawa gani. Wengi huyasoma kama mada tatu mbalimbali. Mtihani hauyatenganishi. Unapewa kisa, picha ya slaidi na majibu machache ya maabara, halafu unaulizwa utafanya nini. Anayejua jedwali la spishi kwa moyo lakini hajui aanzie wapi hupoteza alama nyingi, kwa hiyo mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Viwango vyote hapa ni vya Shirika la Afya Duniani (WHO). Wodini fuata mwongozo wa nchi yako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Picha za slaidi za spishi zote tano, tandazo jembamba na tone nene. Michoro ya vitabuni haitoshi, kwa sababu mtihani huleta picha halisi zenye rangi iliyopauka na uchafu wa Giemsa.
- Kipimo cha fahamu cha Glasgow kwa watu wazima na cha Blantyre kwa watoto wadogo, vyote kichwani.
- Kikokotoo na karatasi. Dozi za malaria huenda kwa uzito, na mtahini huangalia hesabu.
- Picha ya ramani akilini: wapi kuna falciparum tupu, wapi kuna vivax nyingi, wapi kuna knowlesi.

Kisa chetu

Mwanamume wa miaka 34, uzito kilo 60, dereva wa lori anayeishi Arusha mjini. Alikaa Kasulu, Kigoma, wiki mbili akisubiri mzigo, akarudi siku tano zilizopita. Ana homa siku ya nne. Tangu jana anachanganyikiwa. Anafumbua macho akiitwa, anatamka maneno yasiyohusiana na swali, na ukimfinya anavuta mkono. Macho yana umanjano, mkojo ni kidogo na mweusi kiasi. Anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni 95% bila msaada. Sukari ya damu 2.0 mmol/L, hemoglobini 8.9 g/dL, kreatinini 310 µmol/L, laktati 6.1 mmol/L, bilirubini 70 µmol/L. Slaidi: vimelea 6% ya chembe nyekundu.

Hatua ya 1. Soma safari kabla ya slaidi

Mahali alikotoka hupunguza majibu kabla hujatazama picha. Kigoma ni eneo lenye maambukizi makubwa ya *Plasmodium falciparum*, na Arusha mjini maambukizi ni madogo sana. Hilo linakupa mambo mawili: spishi inayotarajiwa, na ukweli kwamba huyu ni mtu mzima ambaye huenda hana kinga ya kutosha. Watu wazima wanaoishi maeneo yenye malaria nyingi mara chache hupata malaria kali. Anayetoka mjini au nyanda za juu huipata kama mgeni.

Muda nao una maana. Falciparum kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na wengi huugua ndani ya miezi mitatu. Ukisoma kwamba mgonjwa alirudi kutoka Ethiopia miezi minane iliyopita, fikiria *P. vivax*, ambayo pamoja na *P. ovale* huacha vimelea vilivyolala kwenye ini. Ukisoma msitu wa Borneo na nyani, fikiria *P. knowlesi*. Ukisoma mzee aliyehama Afrika Magharibi miaka mingi iliyopita na sasa ana vimelea vichache, fikiria *P. malariae*, inayoweza kukaa kwenye damu kwa miongo.

Hatua ya 2. Tazama chembe nyekundu kwanza, kimelea baadaye

Kosa la kawaida ni kukimbilia kimelea. Anza na chembe iliyokibeba: je, ni kubwa kuliko jirani zake zisizo na kimelea?

Kama chembe imevimba, umebaki na vivax au ovale. Vivax hupenda chembe changa, na kimelea chake hutawanyika ovyo ndani ya chembe kama amiba. Ovale huifanya chembe iwe na umbo la yai, mara nyingi na kingo zilizochanika. Zote mbili huonyesha vidoa vya Schüffner, ambavyo kwa ovale wengine huviita vya James.

Kama chembe ni ya ukubwa wa kawaida au ndogo kidogo, umebaki na falciparum, malariae au knowlesi. Malariae hujulikana kwa kimelea kilichojinyoosha kama mkanda toka ukingo hadi ukingo, na skizonti iliyopangika kama ua.

Hatua ya 3. Uliza ni hatua zipi za kimelea zinazoonekana

Hapa ndipo falciparum hujitoa yenyewe. Chembe zenye vimelea vilivyokomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na viungo vingine, hivyo kwenye damu ya kidoleni unaona pete changa tu, na wakati mwingine gametosaiti zenye umbo la ndizi. Pete ni nyembamba, baadhi zina nukta mbili, baadhi zimebandikwa ukingoni mwa chembe, na chembe moja huweza kubeba pete mbili au tatu. Slaidi yenye pete nyingi bila vimelea vya umri mwingine ni falciparum hadi ithibitike vinginevyo.

Kisa chetu: pete tupu, nyingi, chembe za kawaida, 6%. Asilimia hiyo nayo ni ushahidi, kwa kuwa vivax na ovale hushambulia chembe changa na mara chache huvuka 2%.

Tahadhari: knowlesi changa hufanana na falciparum, na iliyokomaa hufanana na malariae. Hutaitofautisha kwa darubini. Ukiona "malariae" yenye vimelea vingi kwa mtu aliyetoka Malaysia, andika knowlesi, omba PCR, na umchukulie kama mtu anayeweza kuzidiwa haraka. Kimelea hiki huzaliana kila saa 24, wakati malariae huchukua saa 72.

Hatua ya 4. Amua ukali kwa kupitia orodha, usiende kwa hisia

Dalili moja tu kati ya hizi, pamoja na vimelea kwenye damu na bila sababu nyingine inayoieleza, inatosha kuiita malaria kali. Zigawe mara mbili.

Unazoziona kitandani: fahamu chini ya 11 kwa Glasgow (chini ya 3 kwa Blantyre), kulegea hadi mgonjwa hawezi kukaa, kusimama au kutembea bila kushikwa, degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24, mshtuko wa mzunguko wa damu, kutokwa damu kusiko kwa kawaida, na maji kwenye mapafu, yaani picha ya kifua inayoonyesha hivyo, au oksijeni chini ya 92% pamoja na kupumua zaidi ya mara 30.

Unazosubiri maabara: sukari chini ya 2.2, laktati 5 au zaidi, au bikaboneti chini ya 15, kreatinini zaidi ya 265 au urea zaidi ya 20, hemoglobini chini ya 7 kwa mtu mzima, au 5 na chini kwa mtoto wa chini ya miaka 12, vimelea vikiwa zaidi ya 10,000 kwa mikrolita, bilirubini zaidi ya 50 vimelea vikiwa zaidi ya 100,000, na vimelea vyenyewe kuzidi 10%.

Sasa mpitishe dereva wetu. Macho akiitwa ni 3, maneno yasiyohusiana ni 3, kuvuta mkono ni 4: jumla 10, kwa hiyo fahamu inahesabika. Sukari 2.0 inahesabika. Kreatinini 310 na laktati 6.1 pia. Bilirubini 70 inahitaji idadi ya vimelea: ukikadiria chembe nyekundu milioni 3 kwa mikrolita, 6% ni 180,000, kwa hiyo umanjano nao unahesabika.

Yasiyohesabika ni muhimu vilevile, na watahini huyaweka makusudi. Hemoglobini 8.9 ni upungufu wa damu, ila si upungufu mkali. Vimelea 6% havijafika 10%. Kupumua mara 32 huku oksijeni ikiwa 95% si maji kwenye mapafu. Kwa laktati ile, ni mwili unajaribu kutoa tindikali. Mwanafunzi anayeandika "dalili nane za ukali" bila kuchuja anaonyesha kwamba hajui viwango.

Ukifanya mtihani Uingereza, kumbuka kuwa huko vimelea vikizidi 2% mgonjwa hutazamwa kama aliye hatarini na dawa ya mshipa hufikiriwa, hata kama hana dalili nyingine. Soma swali limetoka wapi.

Hatua ya 5. Chagua dawa kwa kuuliza maswali mawili tu

Ni kali? Kama ndiyo, jibu ni artesuneti ya sindano, spishi yoyote, umri wowote, mjamzito au la. Usisubiri PCR. Usisubiri hata spishi.

Msingi wa jibu hilo ni majaribio mawili. SEAQUAMAT ya mwaka 2005 huko Asia ililinganisha artesuneti na kwinini, wengi wao wakiwa watu wazima: vifo vilikuwa 15% dhidi ya 22%. AQUAMAT ya mwaka 2010 ilifanywa kwa watoto 5,425 wa Afrika, wakiwemo wa Muheza na Kilifi: 8.5% dhidi ya 10.9%. Ukiulizwa "kwa nini si kwinini", taja haya, kisha ongeza kwamba kwinini hushusha sukari, jambo ambalo mgonjwa wetu hawezi kulivumilia.

Si kali? Hapo ndipo spishi inaamua. Falciparum hupewa dawa mseto kwa siku tatu, na kwetu iliyozoeleka ni ALu, yaani artemeta na lumefantrini. Spishi nyingine hutibiwa kwa mseto au klorokwini pale isipokuwa na usugu. Vivax na ovale huongezewa primakwini ya kuua vimelea vilivyolala kwenye ini, 0.25 mg kwa kilo kila siku kwa siku 14, baada ya kupima G6PD. Mjamzito hapewi primakwini. Malariae na knowlesi hazina vimelea vilivyolala, kwa hiyo hazihitaji tiba hiyo.

Hatua ya 6. Andika dozi, mchanganyo na saa

Artesuneti ni 2.4 mg kwa kilo. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3 mg kwa kilo. Wanafunzi wengi huisahau hii ya pili, au huigeuza, wakidhani mtoto apewe pungufu.

Kwa dereva wetu: 2.4 × 60 = 144 mg. Kichupa kimoja kina 60 mg, kwa hiyo unahitaji vichupa vitatu. Kila kichupa huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu bikaboneti inayokuja nacho, ukitikisa mpaka iwe angavu, kisha huongezewa mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipani. Sasa kila mililita ina 10 mg, na mgonjwa anapata mililita 14.4 taratibu kwa dakika chache. Dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja; inayobaki hutupwa. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 badala ya 5, na kila mililita inakuwa na 20 mg.

Saa: mara moja, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa nne usiku, ya tatu saa nne asubuhi kesho yake. Hata akizinduka na kuomba uji usiku huohuo, dozi ya tatu anapata. Saa 24 za sindano ni kiwango cha chini kabisa.

Hatua ya 7. Andika ulichofanya katika saa ya kwanza pamoja na dawa

Dawa peke yake haitamwokoa. Sukari 2.0 hurekebishwa papo hapo kwa dekstrosi ya mshipani, ipimwe tena baada ya dakika 15, kisha kila saa chache maadamu fahamu haijarudi. Jibu linalotaja artesuneti na kusahau sukari lina kasoro ya hatari.

Maji yahitaji kiasi. Mtu mzima mwenye malaria kali hujaa maji kwenye mapafu kirahisi, na laktati yake imepanda hasa kwa sababu mishipa midogo imezibwa, si kwa sababu maji yamepungua sana. Mpe kwa uangalifu, weka mpira wa mkojo uhesabu, sikiliza mapafu. Kwa watoto, jaribio la FEAST la mwaka 2011 lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania lilionyesha kwamba kumimina maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo. Hilo huulizwa mara kwa mara.

Degedege hutibiwa kwa diazepamu. Figo zikigoma, fikiria mapema kusafisha damu. Kwa mtoto mwenye malaria kali ongeza antibiotiki, kwa kuwa bakteria kwenye damu huambatana nayo. Steroidi na manitoli havina nafasi katika malaria ya ubongo.

Hatua ya 8. Funga tiba

Baada ya saa 24 au zaidi za sindano, mgonjwa akiweza kumeza, anapewa dozi kamili ya mseto. Wengi huandika kwamba atamalizia siku zilizobaki. Si hivyo: ni siku tatu zote tangu mwanzo. Kwa kilo 60 ni vidonge vinne vya ALu mara mbili kwa siku, ya pili baada ya saa 8, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Meflokwini iepukwe kwa aliyepoteza fahamu.

Kisha panga kumwona tena. Baada ya artesuneti, baadhi ya wagonjwa, hasa waliokuwa na vimelea vingi, hupasua chembe nyekundu wiki moja hadi tatu baadaye wakati wamekwisha pona malaria. Hemoglobini ipimwe siku ya 7, 14 na 28. Wanaoliandika hili ni wachache.

Ukikwama

*mRDT ni chanya, slaidi haina kitu.* Vipimo vingi hugundua protini ya HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya tiba. Uliza kama alitibiwa karibuni. Kama hakutibiwa na anaumwa sana, vimelea vinaweza kuwa vimejificha kwenye viungo. Rudia slaidi, na usizuie dawa.

*mRDT ni hasi, lakini kila kitu kinasema malaria.* Huenda ni spishi nyingine, kwa sababu HRP2 ni ya falciparum tu. Huenda ni falciparum iliyopoteza jeni la HRP2, jambo linalojulikana sana Eritrea, Ethiopia na Djibuti. Mara chache vimelea ni vingi mno kiasi kwamba kipimo kinashindwa. Soma slaidi, na ikiwa hasi irudie kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka zifike tatu.

*Slaidi ni vivax, mgonjwa ana dalili za ukali.* Ni malaria kali ya vivax, na dawa ni artesuneti ileile. Tofauti ni moja: hakuna kiwango cha idadi ya vimelea kwenye vigezo vya vivax. Tafuta pia maambukizi mchanganyiko na falciparum.

*Homa imerudi.* Ndani ya wiki nne baada ya kutibu falciparum, fikiria vimelea ambavyo havikumalizika au maambukizi mapya, na ubadilishe aina ya mseto. Miezi kadhaa baada ya vivax, fikiria vilivyoamka kutoka kwenye ini: uliza kama primakwini ilitolewa na kama ilimalizwa.

*Mjamzito wa wiki nane mwenye malaria isiyo kali.* Vitabu vya zamani vinasema kwinini. Tangu mwishoni mwa 2022 WHO inapendekeza ALu kwa miezi mitatu ya kwanza pia. Tarehe ya kitabu chako iangalie.

*Hakuna artesuneti ya mshipani kituoni.* Mtoto wa chini ya miaka sita hupewa artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, 10 mg kwa kilo, kisha anapelekwa hospitali mara moja. Kama ipo ya msuli, itolewe hiyo kwa umri wowote kabla ya safari. Ukilazimika kutumia kwinini, dozi ya kwanza ni 20 mg kwa kilo ndani ya dripu ya saa nne, halafu 10 mg kwa kilo kila baada ya saa nane. Usiisukume moja kwa moja mshipani, maana inaweza kusimamisha moyo.